Zamu Moja ya Ludo na Hesabu Isiyokwisha

Jioni moja barazani, mpwa wangu alitikisa dadu, ikaanguka sita. Akatikisa tena kama sheria inavyomruhusu, ikaanguka sita nyingine. Mara ya tatu ikatoka mbili. Kete yake ya kijani ikatembea hatua kumi na nne kwa zamu moja, ikaila kete yangu iliyokuwa imebakiza kidogo tu kuingia nyumbani. Kabla sijaipanga upya, akaniuliza: "Mjomba, kwa wastani zamu moja inamsogeza mtu hatua ngapi?"

Nikamjibu haraka: tatu na nusu. Namba za dadu ni moja hadi sita, jumla yake 21, gawanya kwa sita, unapata 3.5.

"Hiyo ni ya dadu, Mjomba. Mimi nimeuliza ya zamu."

Alikuwa na haki. Dadu ikitoka sita unarusha tena, kwa hiyo zamu huwa ndefu kuliko mrusho mmoja. Swali lake ni zuri kwa sababu jibu lake limejificha ndani ya orodha isiyo na mwisho, na wanahisabati wana chombo cha kuifunga orodha kama hiyo ndani ya fomula moja, kisha kuitoa wastani wake, na hata kipimo cha kutawanyika kwake, kwa hatua chache. Chombo hicho huitwa funksheni zalishi ya uwezekano. Usiku ule nilikaa na daftari nikalijibu swali lake, na njia niliyoipita ndiyo hii.

Tuanze na orodha yenyewe, kwa kete ambayo tayari iko njiani na haizuiwi na chochote. Zamu inaweza kuisha kwa hatua 1, 2, 3, 4 au 5, kila moja kwa uwezekano wa 1/6. Haiwezi kuisha kwa hatua 6, maana sita inakupa mrusho mwingine, na mrusho huo utaongeza angalau hatua moja. Kwa hiyo kinachofuata ni 7 hadi 11, kila moja kwa uwezekano wa 1/36, yaani sita kisha namba nyingine. Halafu 12 inarukwa, zinakuja 13 hadi 17 kwa 1/216 kila moja. Baada yake 19 hadi 23 kwa 1/1296. Orodha haina mwisho, kwa sababu hakuna kitu katika dadu kinachoikataza kutoa sita mara kumi mfululizo. Zamu ya mpwa wangu ya hatua 14 ina uwezekano wa 1/216.

Sasa fikiria bao lenye mashimo yaliyopangwa mstari mmoja: shimo la 0, la 1, la 2, na kuendelea. Katika kila shimo tunaweka uwezekano wa zamu kuisha kwa idadi hiyo ya hatua. Funksheni zalishi ni namna ya kuliandika bao zima kama fomula. Tunachukua herufi, tuseme s, na kipeo chake ndicho kinachotaja namba ya shimo. Namba iliyo mbele ya herufi ndiyo kilichomo shimoni. Kwa dadu peke yake, mrusho mmoja bila kurudia, bao linaandikwa hivi:

D(s) = (s + s^2 + s^3 + s^4 + s^5 + s^6)/6

Hiyo s haina maana ya kitu chochote duniani. Si hatua, si muda, si fedha. Kazi yake ni kushikilia kipeo tu. Wanafunzi wengi hukwama hapa kwa sababu wanatafuta thamani ya s, na haipo. Thamani moja tu itatuhusu, ambayo ni 1, kwa sababu ukiweka s = 1 vipeo vyote vinafifia na unabaki na jumla ya uwezekano wote, ambayo lazima iwe 1. Hilo ni jaribio la kwanza la kila funksheni zalishi. Isipotoa 1 penye 1, umekosea kuijenga, na usiende mbele.

Wastani unatokeaje? Wale waliopita kidato cha tano kwa mchepuo wa hisabati wanakumbuka kudiferenshieti. Mimi nitasema kunyambua, na ninachohitaji ni kanuni moja: ukiinyambua s^k, kipeo k kinashuka mbele na kuzidisha, kisha kipeo kinachobaki kinapungua kwa moja. Basi s^5/6 inakuwa 5s^4/6. Ukiweka s = 1 inabaki 5/6, ambayo ni namba ya hatua ikizidishwa na uwezekano wake. Fanya hivyo kwa kila shimo, jumlisha, na hivyo ndivyo wastani unavyohesabiwa. Kwa dadu:

D'(1) = (1 + 2 + 3 + 4 + 5 + 6)/6 = 3.5

Kwa mrusho mmoja hatujafaidika sana, maana jibu hilo nililitoa barazani bila daftari. Faida inaonekana kwenye zamu, kwa sababu bao lake lina mashimo yasiyo na idadi na hatuwezi kuyajumlisha moja moja hadi mwisho.

Jambo linalotuokoa ni hili. Vipeo hujumlishwa pale herufi zinapozidishwa: s^6 mara s^2 ni s^8. Kwa hiyo kuongeza hatua za mirusho miwili isiyotegemeana, upande wa funksheni ni kuzidisha. Na baada ya sita ya kwanza, mchezaji yuko hali gani? Ana hatua sita mkononi, na zamu yake inaanza upya kabisa, kana kwamba ndiyo kwanza anashika kikombe. Dadu haikumbuki kwamba imetoka kutoa sita. Tukiipa zamu jina la Z(s), na A(s) iwe ile sehemu ya dadu isiyo na sita, yaani (s + s^2 + s^3 + s^4 + s^5)/6, tunaandika:

Z(s) = A(s) + (s^6/6)·Z(s)

Isome kwa maneno: zamu ni ama namba moja hadi tano, na mambo yameisha, ama sita kwa uwezekano wa 1/6, halafu zamu nyingine nzima. Orodha yote isiyo na mwisho imeingia katika mstari huo mmoja, kwa sababu Z imejitaja yenyewe upande wa kulia. Jaribio la kwanza: penye s = 1, A ni 5/6, basi Z = 5/6 + Z/6, na Z inatoka 1. Tuko salama.

Sasa tunanyambua pande zote mbili. A inatupa A'. Sehemu ya pili inahitaji uangalifu, kwa sababu ni vitu viwili vilivyozidishwa na vyote viwili vina s ndani yake. Unanyambua cha kwanza ukiacha cha pili, kisha unanyambua cha pili ukiacha cha kwanza, unajumlisha:

Z'(s) = A'(s) + s^5·Z(s) + (s^6/6)·Z'(s)

Penye s = 1, A' ni (1 + 2 + 3 + 4 + 5)/6, yaani 2.5. Z ni 1. Kwa hiyo Z' = 2.5 + 1 + Z'/6. Hamisha Z'/6 upande wa pili: sehemu 5/6 ya Z' ni 3.5, na Z' ni 4.2.

Zamu moja humsogeza mtu hatua 4.2 kwa wastani. Hilo ndilo jibu nililompa mpwa wangu asubuhi.

Lakini mara ya kwanza nilipoifanya hesabu hii, nililisahau lile neno la mwisho, (s^6/6)·Z'. Niliinyambua s^6 nikaiacha Z kana kwamba ni namba tu. Nikapata 2.5 + 1, yaani 3.5. Hatari ya kosa hili ni kwamba jibu lake linaonekana la kweli kabisa. Ni wastani wa dadu, namba niliyoizoea, na ningeweza kulikubali nikalala. Kilichoniamsha ni kuuliza jibu hilo lina maana gani: linasema mrusho wa ziada haumwongezei mchezaji hata hatua moja, jambo ambalo kila aliyewahi kuliwa kete na mtu aliyepata sita anajua si kweli.

Kuna njia ya pili ya kulihakiki jibu, nayo ni kurudi kwenye orodha na kujumlisha kidogo. Hatua 1 hadi 5 zinachangia 15/6, yaani 2.5. Hatua 7 hadi 11 zinachangia 45/36, yaani 1.25, tumefika 3.75. Hatua 13 hadi 17 zinaongeza 75/216, tumefika karibu 4.097. Kundi linalofuata linatufikisha 4.178, na lingine 4.196. Jumla inaisogelea 4.2 bila kuifikia, na kunyambua kumetupeleka hapo moja kwa moja.

Wastani hausemi yote. Wachezaji wawili wanaweza kuwa na wastani mmoja, mmoja akitembea karibu hatua zilezile kila zamu na mwingine akiruka mara mbili mbele kisha akisota. Kipimo cha kutawanyika huko ni varianzi: unachukua umbali wa kila matokeo kutoka kwenye wastani, unauzidisha kwa wenyewe, kisha unatafuta wastani wa hayo. Njia fupi ya kuipata ni kuchukua wastani wa miraba ya hatua na kutoa mraba wa wastani.

Funksheni yetu inaweza kutoa wastani wa miraba? Karibu. Ukinyambua mara ya pili, kipeo kilichobaki nacho kinashuka mbele. Kutoka s^5 tulipata 5s^4, sasa tunapata 5 mara 4, s^3. Si 5 mara 5. Kila hatua k inazidishwa na k−1, kwa sababu kipeo kilishapungua kwa moja kwenye unyambuaji wa kwanza. Na kwa kuwa k mara k−1 ni mraba wa k ukitoa k, tunachopungukiwa ni k moja kwa kila shimo, yaani wastani wenyewe. Tunaurudisha:

varianzi = Z''(1) + Z'(1) − (Z'(1))^2

Neno la katikati ndilo linalosahauliwa kuliko yote, na nimeliona likisahauliwa kwenye daftari nyingi. Ukitaka kukumbuka kwa nini lipo, chukua kitu rahisi kabisa: rusha dadu mara moja, andika 1 ikitoka sita, andika 0 isipotoka. Funksheni yake ni 5/6 + s/6. Nyambua mara moja, unapata 1/6. Nyambua mara ya pili, unapata 0. Mtu aliyesahau neno la katikati ataandika varianzi ya 0 − 1/36, namba iliyo chini ya sifuri, na hakuna mtawanyo ulio chini ya sifuri, kwa sababu miraba haina hasi. Ukilirudisha neno hilo unapata 1/6 − 1/36, yaani 5/36, na hiyo ni sahihi. Bahati mbaya si kila kosa hujifichua hivyo. Katika matatizo mengi jibu litabaki juu ya sifuri na litakuwa dogo tu kuliko inavyotakiwa.

Turudi kwenye zamu. Tunanyambua tena ule mstari wa Z', tukikumbuka kwamba kila palipo na vitu viwili vilivyozidishwa vyote vinatikisika:

Z''(s) = A''(s) + 5s^4·Z(s) + 2s^5·Z'(s) + (s^6/6)·Z''(s)

Ile 2 imetokea kwa sababu s^5·Z' imekuja mara mbili, mara moja kutoka kwenye neno la kati na mara moja kutoka kwenye neno la mwisho. Penye s = 1, A'' ni (0 + 2 + 6 + 12 + 20)/6, yaani 6.667 kwa makadirio. Neno la pili ni 5. La tatu ni 2 mara 4.2, yaani 8.4. Jumla ni 20.067, na hiyo ni sehemu 5/6 ya Z''. Kwa hiyo Z'' ni 24.08. Ongeza 4.2, toa mraba wa 4.2 ambao ni 17.64, unapata varianzi ya 10.64.

Kipeuo chake cha pili, ambacho huitwa mchepuko sanifu, ni karibu hatua 3.3. Linganisha na dadu bila kurudia: kwa njia ileile D'' ni 70/6, na varianzi inatoka 35/12, yaani karibu 2.9. Ruhusa ya kurusha tena ikitoka sita imeongeza wastani kutoka 3.5 hadi 4.2, ongezeko la moja ya tano. Varianzi nayo imepanda zaidi ya mara tatu na nusu. Ndiyo maana ludo inauma. Sheria ile haimharakishi mchezaji sana, ila inafanya isiwezekane kujua kete iliyo nyuma yako itafika wapi.

Namna hii ya kuweka namba za dadu kwenye vipeo ni ya zamani. Abraham de Moivre, Mfaransa wa madhehebu ya Kiprotestanti aliyekimbilia London kwa sababu ya mateso ya kidini, aliishi kwa kufundisha hisabati na kuwashauri wacheza kamari, na aliitumia njia ya aina hii kuhesabu jumla za dadu nyingi katika karne ya 18. Jina la funksheni zalishi lilitoka kwa Pierre-Simon Laplace, ambaye alijenga sehemu kubwa ya kitabu chake cha 1812 kuhusu uwezekano juu yake.

Chombo hiki kina mipaka, na mmoja unajionyesha wenyewe pale unaponyambua. Katika mwaka 1738 Daniel Bernoulli alichapisha makala huko Saint Petersburg kuhusu mchezo uliokuwa umebuniwa na binamu yake Nicolas. Unarusha sarafu hadi kichwa kitoke. Tuseme kikitoka mrusho wa kwanza unalipwa 2, wa pili 4, wa tatu 8, malipo yakiongezeka maradufu. Uwezekano wa malipo hayo ni 1/2, 1/4, 1/8, na kuendelea. Funksheni yake inaanza s^2/2 + s^4/4 + s^8/8, na penye s = 1 inatoa 1 kama inavyopaswa. Inyambue: kipeo kinachoshuka kinafuta kabisa namba iliyo chini, na unabaki na s + s^3 + s^7 na kuendelea. Weka s = 1, unapata 1 + 1 + 1 bila mwisho. Wastani haupo katika namba yoyote, na fomula haijaficha. Kwa hiyo kupita jaribio la kwanza hakukuhakikishii wastani, sembuse varianzi.

Mpaka mwingine ni kwamba mashimo ya bao lazima yawe namba kamili kuanzia sifuri. Hatua, abiria, watoto, magoli yanaingia. Muda wa kungoja daladala hauingii, na huo una zana zake.

Nilipompa mpwa wangu jibu la 4.2, aliliangalia daftari kisha akasema: "Lakini sisi, ukipata sita tatu, zamu inakufa. Hutembei kabisa."

Hapo mstari wangu wa Z ulivunjika. Ulisimama juu ya jambo moja, kwamba baada ya sita mchezaji anaanza upya. Dadu bado haikumbuki, lakini sheria yao inakumbuka: inahesabu sita ngapi zimepita. Haiwezekani tena kuandika Z upande wa kulia. Afadhali sasa orodha ina mwisho, kwa hiyo tunaiandika yote:

T(s) = A(s) + s^6·A(s)/6 + s^12·A(s)/36 + 1/216

Ile 1/216 ya mwisho haina s kwa sababu ni shimo la sifuri, zamu iliyokufa. Penye 1 jumla ni 180/216 + 30/216 + 5/216 + 1/216, yaani 216/216, si ndiyo? Ndivyo: 5/6 ya 1/6 ni 30/216, 5/6 ya 1/36 ni 5/216, na jumla inatoka 180 + 30 + 5 + 1 = 216. Nilihesabu mara mbili kabla ya kuendelea, kwa sababu shimo la sifuri ndilo rahisi kulisahau: halichangii chochote kwenye wastani, na jaribio hili peke yake ndilo linaloonyesha kama halipo.

Unyambuaji unatoa wastani wa karibu 4.10, na varianzi ya karibu 9.16. Sheria yao inagusa zamu moja tu katika kila 216. Imepunguza wastani kwa hatua moja ya kumi hivi, ambayo barazani hakuna atakayeihisi. Varianzi imeshuka kutoka 10.64 hadi 9.16, karibu moja ya saba, kwa sababu zamu zilizokatwa ni zile za hatua 19 na kuendelea, na katika varianzi umbali huzidishwa kwa wenyewe. Mpwa wangu aliitazama ile 9.16, akauliza tukikataza sita mbili badala ya tatu itakuwaje, akaivuta kalamu upande wake.